Umehifadhi, skrini inaonyesha ya zamani

Mtu anabadilisha namba ya simu kwenye akaunti yake ya mtandaoni, anabofya "Hifadhi", na ujumbe wa kijani unamwambia kwamba mabadiliko yamepokelewa. Ukurasa unafunguka upya, na namba ya zamani iko palepale. Anaandika tena, anabofya tena. Kwa namba ya simu hakuna hasara kubwa. Ingekuwa oda ya viatu, sasa zipo oda mbili.

Ajabu ni kwamba mara nyingi hakuna kilichoharibika. Namba mpya imehifadhiwa salama tangu bofyo la kwanza, ila ukurasa umeisoma kutoka kompyuta nyingine ambayo bado haijapata habari.

Tovuti yenye watumiaji wengi haiwezi kutegemea hifadhidata moja kujibu kila swali. Kwa kawaida watu husoma mara nyingi kuliko wanavyoandika, hivyo wahandisi huweka seva kuu moja inayopokea maandishi yote, kisha huiwekea seva kadhaa za nakala ambazo kazi yake ni kujibu wasomaji. Seva kuu huorodhesha kila badiliko kwa mpangilio, na kila nakala huisoma orodha hiyo na kurudia kazi ileile upande wake. Kati ya badiliko kuingia kwenye seva kuu na kurudiwa kwenye nakala kuna muda. Ukiwa sekunde mbili, na ukurasa mpya ukafunguka baada ya nusu sekunde, mtumiaji ataona ya jana.

Muda huo haukai mahali pamoja. Usiku wa manane unaweza kuwa sehemu ndogo ya sekunde. Kisha mtu anaendesha amri moja ya kufuta mamilioni ya kumbukumbu za zamani, kazi ya dakika kumi kwenye seva kuu. Seva kuu inaendelea kuwahudumia wengine wakati huohuo, lakini nakala inayofanya kazi moja baada ya nyingine, kama MySQL ilivyokuwa kwa miaka mingi, nayo itatumia dakika zake kumi. Kila badiliko lililofuata, hata lile dogo la namba ya simu, linasubiri kwenye foleni.

Facebook ilikutana na tatizo hili kwa umbali mkubwa. Mpaka mwaka 2007 seva zake zilikuwa California. Kampuni ilipofungua kituo kingine Virginia, upande wa pili wa Marekani, iliamua kwamba maandishi yote yataendelea kwenda California, na Virginia itakuwa na nakala za kusomwa tu. Mwaka 2008 mhandisi wake Jason Sobel aliueleza mpango huo hadharani kwa mfano wa mtu anayebadilisha jina lake la kwanza kutoka "Jason" kuwa "Monkey".

Jina jipya linaandikwa California. Facebook, hata hivyo, haikuwa ikisoma hifadhidata kila mara. Majibu yanayoulizwa sana yalitunzwa kwenye kache, kumbukumbu ya haraka iliyo mbele ya hifadhidata. Kwa hiyo jina la zamani lazima lifutwe kwenye kache ya Virginia pia. Likifutwa papo hapo, hatari inaingia: rafiki wa Jason anafungua ukurasa Virginia, kache ni tupu, seva inauliza nakala ya pale, nakala haijapata habari na inajibu "Jason". Jibu hilo linarudishwa kwenye kache. Sekunde chache baadaye nakala inapata "Monkey", lakini kache haina sababu ya kuuliza tena. Ucheleweshaji wa sekunde umezaa kosa linaloweza kukaa muda mrefu, na hapa ndipo wahandisi wengi hunaswa, kwa sababu wakipima nakala wanaikuta iko sawa kabisa.

Dawa yao ilikuwa ya werevu. Waliirekebisha MySQL ili agizo la kufuta kache lisafiri ndani ya orodha ileile ya mabadiliko. Nakala ya Virginia inapotekeleza badiliko la jina, ndipo inapofuta kache, si kabla. Kwa marafiki wa Jason hilo lilitosha: kuliona jina jipya sekunde kadhaa baadaye hakumkeri mtu.

Jason mwenyewe ni mtu tofauti. Yeye anajua alichoandika. Kwa ajili yake, kila alipohifadhi kitu kivinjari chake kilipewa kuki yenye saa ya tukio, na kwa sekunde 20 zilizofuata maombi yake yalipelekwa California, kwenye hifadhidata kuu. Wengine wote walibaki kusoma karibu na kwao.

Mbinu hiyo bado inatumika sana kwa sababu ni rahisi, ila sekunde 20 ni kisio. Tarehe 21 Oktoba 2018 GitHub, hazina ya msimbo wa programu, ilipoteza mawasiliano kwenye mtandao wake wa mashariki ya Marekani kwa sekunde 43. Mfumo wake wa kujiokoa ukahamishia uandishi kwenye hifadhidata za magharibi, na kuzirudisha mambo sawa kulichukua saa 24 na dakika 11 za huduma mbovu. Hata seva kuu ziliporejea mashariki, nakala nyingi za kusomea zilikuwa nyuma kwa saa kadhaa. Mtumiaji aliona kitu au asikione kutegemea nakala iliyomjibu. Hiyo ndiyo dalili bora ya ugonjwa huu: badiliko linaonekana, ukurasa unafunguliwa tena na limetoweka, kisha linarudi. Kitu ambacho hakikuhifadhiwa hakina tabia ya kuja na kuondoka.

Badala ya kukisia sekunde, mfumo unaweza kuuliza swali sahihi zaidi: je, nakala hii imefika mahali nilipoandika? MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ile ya Kiswahili ikiwemo, hufanya hivyo. Mhariri akihifadhi makala, mfumo unakumbuka nafasi ya badiliko lake kwenye orodha ya seva kuu. Ombi lake linalofuata likiangukia nakala, nakala husubiriwa kwa muda mfupi mpaka ifike nafasi hiyo. Ikiwa tayari imefika, hakuna kusubiri wala kumsumbua seva kuu bure.

Nakala zikichelewa mno, kusubiri hakusaidii tena, na MediaWiki huwa wazi kuhusu hilo. Juu ya orodha ya maangalizi mhariri hukuta onyo kwamba mabadiliko mapya kuliko sekunde kadhaa huenda yasionekane. Ni sentensi moja tu, lakini humzuia mtu asibofye mara ya pili, na ni ajabu kwamba tovuti nyingi za biashara hazina kitu kama hicho.

Roboti zinazohariri Wikipedia nazo zina adabu yake. Zinashauriwa kutuma kila ombi pamoja na kigezo hiki:

```
maxlag=5
```

Nakala zikiwa nyuma kwa zaidi ya sekunde tano, ombi linakataliwa na roboti inaambiwa isubiri kabla ya kujaribu tena. Foleni hupungua, na mhariri wa kawaida huiona sentensi yake aliyoihifadhi.