Kioo cha simu kuzimika si kasoro

Mnunuzi wa simu iliyotumika akiona kioo kimezimika wakati wa mazungumzo, asikimbilie kudai apunguziwe bei. Kipimamwendo huhisi simu ikiinuliwa na jairoskopu huhisi ikizungushwa, lakini havijui kama shavu limekaribia. Kazi hiyo ni ya kihisi kilicho karibu na spika ya sikioni. Hutoa mwanga wa infraredi usioonekana. Ukigonga shavu na kurudi, simu huzima kioo ili shavu lisikate mazungumzo, na chaji nayo isiliwe bure.

Kasoro ni kioo kutowaka simu ikiondolewa sikioni. Mnunuzi apige simu, afunike sehemu hiyo kwa kidole, kisha aondoe. Giza likibaki, afute uchafu na abandue plastiki ya kukinga kioo. Likiendelea, huenda kioo kilibadilishwa ovyo. Hapo bei izungumzwe upya.