Msee Anakukatiza Kila Mitingi Kazini? Hivi Ndivyo Unamalizia Stori Yako

Jumatatu asubuhi, baridi ya Nyeri imekaza, uko ofisini hapo karibu na Kimathi Way na chai imeanza kupoa. Unaambia mbogi kwa nini mzigo wa Karatina unachelewa. Hata hujafika kwa sababu, msee wa kando ashaingilia: "Hapana, shida ni madereva!" Dakika tano baadaye, mitingi imekuwa yake.

Kabla umkasirikie, cheki kitu moja. Akimaliza, anarudi kwa ile pointi yako ama anaenda na yake? Kuna watu hubonga juu ya wengine sababu wamechangamka, hasa wale wamelelewa kwa nyumba ya makelele. Huyo akirudisha mpira kwako, mwache tu. Mwenye harudishi ndiye tunaongelea hapa.

Sasa, siri iko kwa pumzi. Watu hungoja sentensi iishe ndio waingie, na wengi wetu huvuta pumzi hapo hapo mwisho. Ni kama kumfungulia mlango. Vuta yako katikati: "Mzigo wa Karatina unachelewa kwa sababu..." pumua, "...unapakiwa saa nne badala ya saa mbili." Sentensi ikining'inia hivyo, mwenye ataingilia ataonekana na kila mtu. Pia anza na hesabu: "Niko na pointi mbili." Akiruka baada ya ya kwanza, wote wanajua bado unadai moja.

Na akiruka bado? Usipandishe sauti, mtaishia kushindana kelele. Taja jina lake, sema "ngoja nimalizie," alafu endelea na neno lile lile ulikuwa umefika. Macho yaende kwa mwenye anaongoza mitingi. Ukimwangalia yeye, umemkaribisha ajibu. Kama ni mtu wa rika ya babako, punguza makali: "Mzee, nipe dakika moja nimalize, alafu nitakusikiza." Huku kwetu ukimkosea heshima mbele ya watu, hakuna mwenye atakumbuka mzigo.

Tafuta pia mtu wa kukushikia. Wadada waliofanya kazi Ikulu ya Amerika enzi za Obama walikuwa na hiyo plani: mmoja akitoa wazo, mwingine analirudia na kutaja mwenyewe. Ongea na beshte yako kabla ya mitingi, aseme tu, "Turudi kwa ile maneno ya saa za kupakia, hakuwa amemaliza."

Ikizidi, mwone msee faraghani siku hiyo hiyo na umwambie tukio moja: "Leo kwa ya Karatina ulinikata mara mbili." Ukimwambia "wewe hukatiza watu kila saa" atakataa, na hapo mtabishana hadi jioni.

Hizi zote zinategemea kiongozi wa mitingi awe fea. Kama mwenye hukukata ni bosi mwenyewe, mtumie pointi zako kwa imeili kabla mitingi ianze, ili akianza kubonga awe ashazisoma.