Milioni moja kwa herufi nne

Milioni moja kwa tarakimu tulizozizoea ina alama saba: 1000000. Ukiiandika kwa sifuri na moja tu, kama kompyuta inavyoihifadhi, inafika alama ishirini: 11110100001001000000. Kwa mfumo wa 36 inaishia alama nne, LFLS. Idadi ni ileile. Maandishi ndiyo yamebadilika.

Mfumo huo unaishia 36 kwa sababu tarakimu 0 hadi 9 zikiongezwa herufi 26 za alfabeti ya Kiingereza, alama zinakuwa 36. A ni 10, B ni 11, hadi Z ambayo ni 35.

Kupata LFLS hakuhitaji zaidi ya kugawanya. Gawa 1000000 kwa 36: unapata 27777, baki 28, na 28 ni S. Gawa 27777: unapata 771, baki 21, yaani L. Gawa 771: unapata 21, baki 15, yaani F. Hiyo 21 iliyosalia haigawiki tena, nayo ni L. Baki la kwanza ndilo alama ya mwisho, kwa hiyo unayasoma kuanzia chini kwenda juu. Ukisahau kugeuza utaandika SLFL, namba nyingine kabisa.

Kurudi, anza kushoto. L ni 21. Zidisha kwa 36, ongeza 15 ya F: 771. Zidisha tena, ongeza 21: 27777. Mara ya mwisho, ongeza 28: milioni yako hiyo. Ni majawabu yaleyale ya kugawanya, sasa yanapanda.

Katika JavaScript kazi yote ni mistari miwili:

```
(1000000).toString(36)   // "lfls"
parseInt("lfls", 36)     // 1000000
```

Hapa `parseInt` inahitaji kuangaliwa. Ikikuta alama isiyoijua haipigi kelele. Inasimama na kukupa ilichokwisha kusoma. Mtu akiandika `lf-ls`, inarudisha 771 kana kwamba mambo ni shwari. Python ni kali zaidi: `int("lf-ls", 36)` inakataa na kutoa kosa, na mimi naona huo ndio ustaarabu.

Urefu nao una mpaka. JavaScript huhifadhi namba za kawaida kwa uhakika hadi 9007199254740991 tu. Alama 10 za mfumo wa 36 zinatosha ndani ya mpaka huo hata zote zikiwa Z. Zikifika 11, tarakimu za mwisho zinaweza kupotoka bila onyo. Kipimo rahisi ni kugeuza maandishi kuwa namba, kisha namba kuwa maandishi tena, na kulinganisha. Yasipofanana, huenda kuna kilichopotea, ingawa sifuri za mwanzoni zitaleta tofauti hata pasipo kosa: 00lfls hurudi lfls.