Nakivale: Majirani wakigombania mpaka, usuluhishi huwekwaje kwenye kumbukumbu?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, majirani wanaogombania mpaka hawagombanii umiliki wa ardhi. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 humruhusu mkimbizi kulima na kulisha mifugo kwenye ardhi aliyogawiwa, lakini hazimpi haki ya kuiuza wala kuikodisha. Mgawaji ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Nje ya makazi, kwa mfano huko Rwekubo, raia wenye mgogoro kama huo hufuata njia ya mabaraza ya mitaa na mahakama. Ndiyo maana kumbukumbu ya usuluhishi yafaa ianze kwa kutaja kiwanja kiko upande gani, hata kabla ya kutaja nani kamlalamikia nani.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya. Mzee mmoja na mama mjane wamepakana kwa urefu wa mita 30, kutoka barabarani hadi bondeni. Kati yao kuna ua wa masale. Mzee anadai mama amepanda migomba ndani ya kiwanja chake. Mama anadai ua wenyewe ulipandwa mahali pasipo pake. Wanakutana mbele ya kiongozi wa Kamati ya Ustawi wa Wakimbizi, na simu inawekwa mezani kurekodi sauti.

Jambo la kwanza kusikika katika sauti hiyo ni ridhaa. Kila mmoja hutaja kwamba anajua anarekodiwa na kwamba amekubali. Asiyekubali, simu huzimwa na maneno huandikwa kwa mkono.

Kisha hutembelewa shamba lenyewe, na hapo ndipo mambo hubadilika. Barabarani lipo jiwe. Mzee anasema liliwekwa siku ya kugawiwa viwanja. Mama naye anasema hivyo hivyo. Bondeni kigingi hakipo, kwa kuwa maji ya mvua yalikiondoa. Mzee anaonyesha penye sale la mwisho. Mama anaonyesha mahali palipo mita 3 zaidi kuelekea kwa mzee. Hadi asubuhi hiyo kila mtu alidhani wanagombania ukanda mzima. Kumbe ncha moja wanakubaliana, na kinachogombaniwa ni pembetatu: mita 30 mara 3, gawa kwa 2, yaani mita za mraba 45. Mzozo umepata umbo, na kipimo hicho chaweza kuandikwa bila kumpendelea yeyote.

Ugumu mkubwa uko katika maneno. Msuluhishi anauliza, "Mama, ulivuka ua?" Mama anajibu, "Ndiyo, baba, nilivuka nikapanda migomba minne. Lakini pale ni kwangu." Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba mama amekiri kuvuka mpaka. Hakukiri hivyo. Amekubali kuvuka ua, na kama ua ndio mpaka ni suala ambalo halijaamuliwa. Vivyo hivyo, mzee akiulizwa kama masale aliyapanda peke yake, mama akiwa hayupo, akanyamaza, huandikwa kwamba hakujibu. Kimya hakihamishiwi upande wa makubaliano. Pakiwa na mkalimani kati ya Kiswahili na Kirundi au Kinyarwanda, maneno kama "ua" na "mpaka" hurudiwa katika lugha zote mbili, maana hapo ndipo kosa hupenya.

Mwishoni kumbukumbu husomwa kwa sauti, simu ikiwa bado inarekodi. Katika mfano wetu ingesomwa hivi. Wote wawili wamekubali jiwe la barabarani kuwa mwanzo wa mpaka. Mama amekubali kwamba migomba minne iliyo upande wa pili wa ua ni yake aliyoipanda. Mzee amekubali kwamba ndizi zilizopo zivunwe na mama, bila kukubali kwamba ardhi ni yake. Wote wamekubali kutopanda kitu kipya na kutong'oa sale lolote hadi kiwanja kipimwe. Hawakukubaliana kigingi cha bondeni kilisimama wapi. Hawakukubaliana pia kama mama aliarifiwa ua ulipopandwa.

Hapo mama anaweza kuingilia kati: "Mzee wangu, mimi sikusema nitangoja miaka." Nalo huongezwa: kwamba anataka ombi la kupimwa lipelekwe wiki hiyo hiyo. Kila mmoja hutia saini au alama ya kidole gumba, na kupewa nakala.

Karatasi hiyo haihamishi mpaka hata kwa kidole kimoja. Afisa wa makazi atakapofika na utepe wa kupimia, hatahitaji kuuliza tena habari za jiwe la barabarani. Ataanzia hapo, na kushuka bondeni.