Majibu ya mtoto yametumwa asubuhi, mbona yanafika mchana?

Saa 3:10 asubuhi mhudumu wa maabara alibonyeza kitufe cha kutuma. Majibu ya damu ya mtoto wa miaka minne yalikuwa tayari, na mama yake alikuwa ofisini akiyasubiri kwenye barua pepe ya kazini. Saa 4:30 alipiga simu.

"Mama, tumeshatuma tangu saa tatu. Angalia kwenye barua taka," aliambiwa.

Akaangalia, hakuna kitu. Majibu yaliingia saa 6:55 mchana. Maabara ilisema kweli na anwani ilikuwa sahihi. Kwa karibu saa nne barua ilikuwa njiani, ikibisha hodi na kuambiwa irudi baadaye.

Baadhi ya seva zinazopokea barua za ofisi na vyuo hazimpokei mgeni mara ya kwanza. Seva hutazama mambo matatu: mashine iliyoleta barua, anwani ya anayetuma na anwani ya anayetumiwa. Kama haijawahi kuyaona yote matatu pamoja, hujibu kwa namba inayoanza na 4, kwa mfano:

```
450 4.2.0 Greylisted
```

Maana yake ni "siwezi kuipokea sasa, jaribu tena". Hapo barua haijapotea, inabaki kwenye foleni ya mtumaji. Namba ikianza na 5, kama 550, mambo ni tofauti: barua imekataliwa moja kwa moja, mara nyingi kwa sababu anwani imekosewa, na mtumaji hurudishiwa taarifa.

Mbinu hii ilipendekezwa mwaka 2003 na Evan Harris. Wazo lake lilikuwa kwamba programu za matapeli hutuma mamilioni ya barua kwa pupa na hazina muda wa kurudi mlango uliofungwa, lakini seva halali hurudi. Kwa kawaida mpokeaji hutaka dakika tano tu zipite. Sasa saa nne zimetoka wapi?

Ratiba ya kurudi hupangwa na mtumaji, na kila anapokataliwa huongeza muda wa kusubiri. Mfumo mpya wa maabara ile ulikuwa na mashine nne zinazopokezana. Ya kwanza ilikataliwa saa 3:10. Saa 3:25 ikaja ya pili, na kwa kuwa seva ya ofisini haikuwahi kuiona, ikaihesabu kuwa mgeni mwingine. Saa 3:55 ikaja ya tatu na saa 4:55 ya nne, zote zikaambiwa zirudi. Saa 6:55 zamu ikarudi kwa mashine ya kwanza, ambayo sasa ilikuwa inajulikana, na mlango ukafunguliwa. Seva nyingine huepuka usumbufu huu kwa kuhesabu mashine za mtandao mmoja kama mtumaji mmoja, lakini hiyo haisaidii kama mashine ziko mitandao tofauti.

Anayetaka uhakika afungue barua hiyo kwenye kompyuta, maana simu nyingi huficha sehemu hii, kisha aangalie vichwa vyake kamili. Mistari ya `Received` husomwa kutoka chini kwenda juu, na kila mmoja una saa yake. Pengo kubwa kati ya seva ya mtumaji na ya mpokeaji ndilo lililokula muda. Baadhi ya seva huandika wazi:

```
X-Greylist: delayed 13500 seconds
```

Hizo ni saa 3 na dakika 45. Ila soma pia alama iliyo mwisho wa saa: 06:10 +0000 na 09:10 +0300 ni wakati uleule, hapo hakuna ucheleweshaji.

Wanaoumia zaidi ni wazazi wanaosubiri namba ya siri ya kuingia kwenye mfumo wa shule au hospitali, ambayo huisha baada ya dakika chache. Mzazi akibonyeza "tuma tena", barua ya pili inaweza kupita mara moja kwa sababu muda wa kusubiri umeshakwisha, halafu ile ya kwanza ikafika nyuma yake. Akitumia iliyoingia mwisho, anakataliwa, kwani ni ya zamani. Atazame saa ya kutumwa, au achague SMS kama ipo.

Kwa majibu ya mtoto mgonjwa, mama yule sasa huomba asomewe kwa simu kwanza. Pia fundi wa ofisini ameiweka maabara kwenye orodha ya wanaopita bila kusubiri. Barua iliyofuata, ya ankara, ilifika ndani ya dakika moja.