Kiseyeye: kwa nini sufuria ya sombe peke yake haitoshi

Kuna ugonjwa ambao huanza polepole hata mtu hadhani kuwa ni ugonjwa. Anachoka bila sababu, miguu inamuuma, fizi zinavimba na kutoka damu. Baadaye madoa madogo ya damu yanatokea kwenye ngozi ya miguu, kuzunguka vinyweleo. Meno yanalegea, na kidonda hakiponi. Mtoto mdogo anaweza kukataa kutembea na kulia akiguswa miguu. Ugonjwa huo ni kiseyeye, na unatokana na kukosa vitamini C katika chakula kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu hivi.

Vitamini C, ambayo pia inaitwa asidi askobiki, ndiyo inayosaidia mwili kukaza nyuzi zinazoshikilia ngozi, fizi, mifupa na mishipa ya damu. Ikikosekana, nyuzi hizo zinakuwa dhaifu, na damu inavuja.

Mbuzi na mbwa hawapati kiseyeye, kwa sababu ini lao hutengeneza vitamini C kutoka katika sukari ya mwili. Sisi wanadamu tunazo karibu hatua zote za kazi hiyo, lakini hatua ya mwisho imeharibika. Nyani wako kama sisi, na hata simbilisi, wale wanyama wadogo ambao wengi huku Kivu huwaita dende. Ndiyo maana anayefuga dende lazima awape majani mabichi.

Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia 12 wenye kiseyeye. Aliwagawa wawili wawili, na kila kundi likapata dawa yake: siki, maji ya bahari na nyinginezo. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yaliisha baada ya siku 6, lakini tayari mmoja wao aliweza kurudi kazini. Baadaye Lind alishauri juisi ya matunda hayo ipashwe moto kwa saa nyingi mpaka iwe nzito, ili isafirishwe kwa urahisi. Hapo dawa ilipoteza nguvu yake nyingi, kwa maana moto na hewa huharibu vitamini C.

Jambo hilohilo linatokea jikoni kwetu. Majani ya muhogo mabichi yana vitamini C nyingi sana. Lakini tunayatwanga, na hewa inaingia. Kisha tunayachemsha kwa muda mrefu. Vitamini hii inayeyuka katika maji na kuharibika kwa moto, hivyo inabaki kidogo tu. Tukiongeza magadi ili majani yalainike haraka, inaharibika zaidi. Kupasha tena kesho yake kunapunguza hata kilichobaki.

Je, tupike sombe kwa muda mfupi? Hapana! Majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha vizuri ndiko kunakoiondoa. Sombe ipikwe kama kawaida, nasi tutafute vitamini C mahali pengine.

Mtu mzima anahitaji miligramu 45 hivi kwa siku. Gramu 100 za lengalenga mbichi zina kama miligramu 40. Zikichemshwa katika maji mengi na maji yakamwagwa, nusu au zaidi inaweza kupotea. Basi chemsha kwanza maji kidogo, tia majani yaliyooshwa na kukatwa wakati huohuo, funika, epua mara yakilainika, na yale maji yaliwe pamoja na mboga. Kwa upande mwingine, pera moja dogo la gramu 50 lina miligramu 100 hivi, na halihitaji moto. Papai, chungwa na nyanya mbichi vinasaidia pia. Limau likamuliwe juu ya chakula kikiwa tayari kimepakuliwa, siyo ndani ya sufuria inayochemka.

Walio hatarini zaidi ni wale wanaoishi kwa unga, maharagwe makavu, mafuta na chumvi tu, kwa kuwa humo karibu hamna vitamini C. Katika miaka ya 1980, kiseyeye kilionekana katika kambi za wakimbizi huko Somalia, Sudani na Ethiopia, ingawa watu walikuwa wakipewa chakula. Kwa hiyo tunapokusanya msaada kwa ndugu waliokimbia vita, tukumbuke kuweka mapera au malimao pembeni ya gunia la unga.

Fizi zinazotoka damu zinaweza kuwa na sababu nyingine pia, hivyo mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Kama ni kiseyeye, akipewa vitamini C uchovu na maumivu huanza kupungua ndani ya siku chache.