Bumu: kununua vipande au kujifunza ujuzi?

Mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania anayepata mkopo kamili wa chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo hupewa shilingi 10,000 kwa siku. Fedha hizo, ambazo wanafunzi huziita bumu, huingia kwa mkupuo wa karibu miezi miwili, yaani takriban shilingi 600,000. Chumba, chakula, nauli na kudurufu vitini humaliza sehemu kubwa. Mwenye nidhamu anaweza kubakiwa na shilingi 50,000 hivi, na swali ni aziweke wapi.

Jibu linalosikika zaidi siku hizi ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hasa ya UTT AMIS. Mwekezaji hununua vipande, meneja wa mfuko huzikusanya fedha za wengi na kuziweka kwenye hatifungani, amana za benki au hisa, na thamani ya kipande hupanda kadiri mapato yanavyoingia. Mfuko wa Hatifungani hupokea hata mtaji wa kuanzia wa shilingi 50,000, kwa hiyo udogo wa bumu si kikwazo.

Kikwazo ni hesabu yenyewe. Tuseme mwanafunzi anaweka 50,000 mara nne kwa mwaka, miaka mitatu, na mfuko unakua kwa asilimia 12 kwa mwaka. Atakuwa ameweka 600,000, na siku ya kuhitimu atakuta kama 715,000. Faida ya miaka mitatu ni takriban 115,000, na mfumuko wa bei umekwisha kula kipande chake. Tabia ya kuweka akiba imejengeka, na hilo si dogo, lakini mtaji mdogo huzaa faida ndogo hata kwenye mfuko mzuri.

Sasa tuchukue 150,000 zilizotokana na bumu tatu. Zikiwa mfukoni kwa asilimia 12, kwa mwaka zinaleta 18,000. Mwanafunzi mwingine anazitumia kujifunza kusuka saluni, rasta za kufanyia mazoezi zikiwamo. Akirudi hosteli, anamsuka mtu mmoja kila Jumamosi kwa 10,000 ya ufundi, mteja akija na rasta zake. Kwa muhula wa wiki 15, gharama yote imerudi. Vichwa viwili tu vimeshapita faida ya mwaka mzima ya vipande.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inaficha kitu. Vipande hukua mwenye navyo akiwa usingizini, rasta hazijisuki. Kichwa kimoja kikichukua saa nne, muhula mzima ni saa 60, sawa na shilingi 2,500 kwa saa. Hayo ni malipo ya kazi zaidi kuliko faida ya mtaji. Saa hizo zikiibwa kwenye masomo, sapu moja inaweza kumrudisha chuoni wenzake wakiwa likizo, kwa nauli na chakula chake mwenyewe. Akidisko, mkopo unasimama na deni linabaki palepale: bumu si zawadi, na akiajiriwa Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Wala si kila kozi ni ujuzi. Nyingi huuza cheti, na cheti hakina mteja. Dalili nzuri ya kozi inayofaa ni kwamba kabla ya kulipa, mwanafunzi anaweza kutaja watu watatu au wanne walio karibu naye ambao tayari wanalipia kazi hiyo. Kama ni Eksel, ni nani hasa anahitaji kuingiziwa takwimu za utafiti, na hulipa kiasi gani? Asipopata jina, aanze na masomo ya bure ya mtandaoni na kompyuta za maktaba. Akiyamaliza, ndipo ajue kama anahitaji kulipia zaidi. Kozi za biashara ya fedha za kigeni zinazoahidi utajiri wa haraka zimekaa upande wa mchezo wa bahati, na mwalimu wake mara nyingi huishi kwa ada za wanafunzi.

Kabla ya yote, hata hivyo, kuna akiba ya dharura. Bumu huchelewa, na aliyetumia senti ya mwisho kwenye kozi hukopa kwa riba mwezi huohuo. Mfuko wa Ukwasi, ambao fedha zake hutoka ndani ya siku chache za kazi, unafaa kutunzia chakula cha wiki tatu au nne. Baada ya hapo ujuzi mmoja wenye wateja hustahili kutangulia, na mapato yake ndiyo yanunue vipande, kwa sababu hapo mtaji unaanza kuwa na uzito.

Mpangilio huo haumfai kila mtu. Mwanafunzi wa udaktari mwenye zamu za wodini hana Jumamosi za kuuza, na ujuzi utakaomlipa ndio huohuo anaousomea. Kwake 50,000 za vipande, zisizomdai hata saa moja, ni chaguo lenye akili zaidi kuliko kozi yoyote ya pembeni.